Saa 24 Zimetoka Wapi?

Chupa ya chai nyekundu, ya plastiki kwa nje na kioo kwa ndani, ujazo lita 1.8. Ni bidhaa ya kawaida kabisa katika maduka ya vyombo ya Kariakoo, na siku hizi inauzwa pia mtandaoni, mahali ambapo mnunuzi haishiki mkononi wala haifungui kifuniko kuchungulia ndani. Anachokiona ni picha na aya fupi ya maelezo. Aya hiyo ndiyo inayofanya kazi ya muuzaji aliyesimama nyuma ya kaunta.

Mwenye duka aliye na bidhaa kumi ataziandikia maelezo mwenyewe jioni moja. Aliye na bidhaa elfu mbili, zenye rangi na saizi tofauti, hawezi. Mara nyingi anachokuwa nacho ni jedwali alilopewa na msambazaji: safu ya ujazo, ya rangi, ya kilichotengenezea, ya idadi kwa katoni. Sasa jedwali hilo hupewa modeli ya lugha, yaani programu ya akili mnemba inayotunga maandishi, nayo hurudisha aya iliyonyooka kwa sekunde chache. Amazon ilitangaza huduma ya namna hii kwa wauzaji wake Septemba 2023, na duka dogo linaweza kufanya hivyohivyo kwa simu.

Aya inayorudi huwa nzuri. Tatizo ni kwamba ndani yake huwa mna mambo ambayo jedwali halikuyasema. Tuichukue chupa yetu moja tuone yanaingiaje, na mtu anayagunduaje kabla mteja hajayagundua yeye.

Hii ndiyo rekodi ya chupa, kama inavyosomwa na kompyuta. Neno `null` maana yake ni kwamba sehemu hiyo haina jibu:

```
{
  "aina": "chupa ya chai",
  "ujazo_lita": 1.8,
  "nje": "plastiki",
  "ndani": "kioo",
  "rangi": "nyekundu",
  "mkono": "upo",
  "kwa_katoni": 12,
  "muda_wa_joto": null,
  "waranti": null
}
```

Ukiipa modeli rekodi hii na kuiambia tu, "Andika maelezo ya kuvutia ya bidhaa hii," utapata kitu cha aina hii:

"Furahia chai ya moto kutwa kucha kwa chupa hii maridadi ya rangi nyekundu yenye ujazo wa lita 1.8, inayotosha familia nzima. Imetengenezwa kwa chuma imara kisichoshika kutu, na inatunza joto hadi saa 24. Kifuniko chake hakivujishi hata kidogo, na mkono wake unafanya iwe rahisi kubeba. Inakuja na waranti ya mwaka mmoja."

Haraka haraka mtu atasema kazi imekwisha. Lakini ikate aya hiyo vipande vidogo, kila kipande kiwe dai moja, kisha kila dai lipeleke kwenye rekodi ulitafutie mahali lilipotoka. Nyekundu: imo. Lita 1.8: imo. Mkono: upo. Hapo ukweli umeishia. Kutoshika kutu hakuna pa kuanzia, na chuma chenyewe kinapingana waziwazi na rekodi, kwa kuwa nje ni plastiki na ndani ni kioo. Saa 24 hazimo. Kutovuja hakumo. Waranti ya mwaka mmoja haimo. Rekodi imesema wazi kwamba jibu halipo. "Inatosha familia nzima" ni la kubishaniwa, maana familia ya watu watatu na ya watu tisa hazinywi sawa.

Kosa la chuma ndilo baya kuliko yote. Chupa ya kioo ikianguka, kioo cha ndani hupasuka. Mtu aliyeinunua akiamini ni ya chuma ataichukulia kama ya chuma: ataitupia kwenye buti la gari, atampa mtoto aibebe. Mnunuzi huyo hakudanganywa kuhusu uzuri wa chupa. Amedanganywa kuhusu namna ya kuishika.

Basi saa 24 zimetoka wapi? Modeli ya lugha imefundishwa kwa maandishi mengi mno, na kazi yake ni moja: ikipewa maneno yaliyotangulia, ikadirie kipande cha neno kinachoelekea zaidi kufuata, halafu kingine, halafu kingine. Katika maandishi iliyosoma, maelezo ya chupa za chai karibu kila mara hutaja muda wa kutunza joto, na tarakimu zinazojirudia ni 12 na 24. Sentensi ikishaanza na "inatunza joto hadi", kinachofuata kwa desturi ni saa kadhaa. Modeli haina hatua ya ndani inayoilazimisha kusimama na kuuliza kama chupa hii, yenye kioo hiki, imewahi kupimwa. Kwa sababu hiyohiyo imeandika chuma: chupa nyingi zinazotangazwa mtandaoni leo ni za chuma, na mazoea yakavuta kuliko neno moja "kioo" lililokaa katikati ya rekodi.

Wapo wanaojaribu kulitibu jambo hili kwa kupunguza kipimo kinachoitwa `temperature`, ambacho huamua modeli ijiachie kiasi gani katika kuchagua maneno. Ukikishusha hadi sifuri, modeli hushika neno lenye uwezekano mkubwa kuliko yote. Hilo linasaidia aya zisibadilikebadilike ovyo, ila halizuii uzushi. Kama "saa 24" ndilo jibu lenye uwezekano mkubwa, sasa utazushiwa saa 24 zilezile kila mara.

Watafiti waliliona tatizo hili kabla ya programu hizi kufika mikononi mwa watu. Mwaka 2017 Sam Wiseman, Stuart Shieber na Alexander Rush walichapisha utafiti juu ya modeli zilizopewa majedwali ya takwimu za mechi za mpira wa kikapu za Marekani na kutakiwa kuandika habari ya mechi. Habari zilisomeka vizuri, lakini zilikuwa na mambo ambayo takwimu hazikuyaunga mkono. Ili kuzipima, walitengeneza programu inayochambua habari iliyoandikwa, inatoa humo madai (fulani amefunga pointi kadhaa), kisha inayalinganisha na jedwali. Njia tuliyotumia kwa chupa yetu, kukata na kurudisha kwenye rekodi, ndiyo hiyohiyo.

Kabla ya kukagua, kuna mengi ya kurekebisha kwenye maagizo yenyewe. Neno "ya kuvutia" liondoke, kwa sababu ndilo linaloialika modeli kupamba. Sehemu zisizo na jibu, kama waranti na muda wa joto, ni heri kuziondoa kwenye rekodi kabla ya kuituma kuliko kuziacha wazi, maana jina la sehemu likiwepo tayari limekwisha kuitajia modeli mada. Halafu maagizo yawe ya kubana, kwa mfano: "Andika sentensi tatu au nne. Tumia sifa zilizomo kwenye rekodi tu. Usitaje muda wa kutunza joto, uimara, waranti wala usalama. Lazima useme kwamba ndani ni kioo. Mwisho wa kila sentensi weka, kwenye mabano ya mraba, majina ya sehemu za rekodi ulizotumia."

Sharti hilo la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi. Aya itarudi na sentensi kama "Ni chupa ya chai nyekundu yenye ujazo wa lita 1.8 [aina, rangi, ujazo_lita]", na mkaguzi anajua papo hapo aangalie wapi. Mabano hufutwa kabla maelezo hayajawekwa dukani. Sentensi isiyo na mabano, au yenye jina la sehemu ambayo haipo, inajishtaki yenyewe.

Hata hivyo mabano si kiapo. Modeli inaweza kuandika: "Kioo chake kinene cha ndani huifanya chai ibaki moto [ndani]." Sehemu `ndani` ipo kweli, na kioo kimo. Lakini unene haukuandikwa popote. Kivumishi kimoja kimepenya kwa kujibanza nyuma ya nomino ya kweli, na uzushi wa aina hii ndio unaompita msomaji aliyechoka. Wakaguzi wazuri hujizoesha kusoma vivumishi kwanza: kinene, imara, salama, halisi, asilia, ya kudumu. Nomino mara nyingi zina pa kutokea. Hivyo ndivyo visivyo na kwao.

Baada ya maagizo, unafuata ukaguzi wa mashine ulio rahisi kuliko wote, nao ni wa namba. Kila tarakimu iliyomo kwenye maelezo lazima iwemo kwenye rekodi. Kwa lugha ya Python ni mistari michache tu:

```
import re

def namba_ngeni(maelezo, rekodi):
    muundo = r"\d+(?:\.\d+)?"
    zilizopo = set(re.findall(muundo, str(rekodi)))
    zilizoandikwa = set(re.findall(muundo, maelezo))
    return zilizoandikwa - zilizopo
```

Ukiipa ile aya ya kwanza itakurudishia 24, na unajua pa kushika. Lakini tazama kinachotokea modeli ikiandika "inatunza joto hadi saa 12". Programu inanyamaza. Namba 12 imo kwenye rekodi: ni idadi ya chupa kwa katoni. Tarakimu ni sahihi, kilichohesabiwa sicho. Kwa hiyo ukaguzi unaofaa haulinganishi namba peke yake. Hulinganisha namba pamoja na kipimo chake, 1.8 na lita, 12 na katoni, na kila "saa" inayotokea bila sehemu ya muda kwenye rekodi inasimamishwa. Na sehemu kama `kwa_katoni`, ambayo mnunuzi wa chupa moja haimhusu, haina haja ya kupelekwa kwa modeli hata kidogo.

Kiswahili nacho kina mitego yake. Namba zetu huandikwa kwa maneno bila taabu: "lita moja na nusu", "siku mbili", "robo saa". Ukaguzi wa tarakimu hauzioni. Tena muda tunautaja bila namba yoyote. Rudi kwenye sentensi ya kwanza ya ile aya: "chai ya moto kutwa kucha". Kutwa ni mchana wote, kucha ni usiku wote. Ni dai la saa 24 lililovaa nguo ya kawaida. Hata ukifuta "saa 24" kwenye sentensi ya pili, ahadi imebaki palepale juu. Hali kadhalika "tangu alfajiri hadi wakati wa kulala". Duka linaloandika kwa Kiswahili linahitaji orodha yake ya maneno ya kushtukia, iliyotungwa na mtu anayejua wauzaji wetu wanavyosema.

Kuna pia kosa la upande wa pili, la kumhukumu asiye na hatia. Rekodi ikisema "maruni" na maelezo yakasema "damu ya mzee", programu inayolinganisha herufi itapiga kelele, wakati kila mwenye kuuza vitenge anajua ni rangi ileile. Dawa ni kuwa na kamusi ndogo ya duka, ambamo majina ya rangi na ya vitu yamepangwa kwa maana zake. Kelele za bure zikizidi, mkaguzi ataanza kubonyeza "sawa" bila kusoma.

Si kila kisichomo kwenye rekodi ni uzushi. Kuna madai yanayozaliwa na hesabu. Lita 1.8 ni mililita 1,800. Ukigawa kwa kikombe cha mililita 200 unapata vikombe tisa. "Inajaza vikombe tisa vya mililita 200" ni sentensi halali, tena inamsaidia mnunuzi kuliko "inatosha familia nzima". Masharti ni mawili: saizi ya kikombe itajwe, na hesabu ifanywe na programu ya kawaida kabla, si na modeli yenyewe. Jibu likishapatikana huwekwa kwenye rekodi kama sehemu mpya, `vikombe_vya_ml_200`, na modeli hulitumia kama sifa nyingine yoyote.

Maduka makubwa huongeza mkaguzi mwingine: modeli ya pili inayosoma kazi ya ile ya kwanza. Inafaa, mradi isiulizwe kwa ujumla "Je, aya hii ni sahihi?" kwa maana mara nyingi itajibu ndiyo. Ipewe dai moja kwa wakati mmoja pamoja na rekodi, itakiwe kuchagua jibu moja kati ya matatu, "imo", "haimo" au "inapingana", na ikisema "imo" inakili sehemu ya rekodi inayolithibitisha. Kisha programu ya kawaida inaangalia kama kilichonakiliwa kweli kipo. Udhaifu wa mkaguzi huyu ni kwamba amelelewa kwa maandishi yaleyale. Naye "anajua" kuwa chupa za chai hutunza joto kwa saa nyingi, hivyo dai lililozoeleka linaweza kumpita kirahisi kuliko dai la ajabu.

Utajuaje kama ukaguzi wako unafanya kazi? Uutegee. Chukua maelezo 50 ambayo mtu ameyasoma na kuthibitisha kuwa ni safi, kisha katika kila moja panda kosa moja kwa makusudi: badilisha plastiki kuwa chuma, ongeza waranti, andika "haivujishi", chomeka "kinene", badilisha nyekundu kuwa bluu. Yapitishe kwenye ukaguzi na uhesabu yaliyokamatwa, kwa kila aina ya kosa peke yake. Kwa kawaida namba na rangi hukamatwa vizuri, vivumishi na ahadi za maneno hupenya. Matokeo hayo yanakuambia macho ya mtu yapelekwe wapi, kwani hakuna mtu atakayesoma maelezo elfu mbili kwa makini yaleyale. Pitisha pia yale 50 safi kama yalivyo, uone mangapi yanasingiziwa.

Kilichoachwa nacho kina uzito. Modeli ikijua kwamba watu hupendelea chuma, inaweza kuandika aya isiyo na uongo wowote, ikasifu rangi na mkono, na isitaje kioo kabisa. Ukaguzi wote wa madai utaipitisha. Ndiyo maana maagizo yetu yalisema lazima kioo kitajwe, na programu ya mwisho hutafuta neno hilo: lisipopatikana, aya inarudi. Kwa kila aina ya bidhaa kuna sehemu moja au mbili za namna hii. Kwa kitambaa ni aina ya uzi; kwa kifaa cha umeme ni volti; kwa chakula ni karanga na vingine vinavyodhuru baadhi ya watu.

Duka haliwezi kusema "iliandika kompyuta". Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, na inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa. Kenya ina sheria yake ya kumlinda mlaji ya mwaka 2012. Huko Kanada, Februari 2024, baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia liliamua kwamba shirika la ndege la Air Canada liwajibike kwa maelezo yasiyo sahihi ambayo programu ya mazungumzo kwenye tovuti yake ilimpa abiria kuhusu nauli ya msiba. Hoja kwamba programu inajibu kwa niaba yake yenyewe haikukubaliwa.

Limebaki jambo ambalo hakuna ukaguzi wa maandishi unaoligusa: rekodi yenyewe inaweza kuwa na makosa. Msambazaji akiandika lita 1.8 na chupa ikachukua 1.6, kila kitu kitalingana na kila kitu kitakuwa uongo. Hapo hakuna njia ya mkato. Lazima mtu afungue boksi moja katika kila mzigo mpya, ajaze maji kwa jagi la kupimia, asome namba, na aandike tarehe aliyopima.

Siku hiyohiyo anaweza kumaliza na lile la joto. Achemshe maji, ajaze chupa, afunge kifuniko, aiache mezani chumbani, na baada ya saa sita afungue na kuchovya kipimajoto. Nyuzi atakazozisoma aziandike kwenye rekodi pamoja na saa hizo sita na nyuzi za maji wakati yanamiminwa. Kuanzia hapo sehemu ya `muda_wa_joto` si `null` tena, katazo linaondolewa kwenye maagizo, na modeli inaruhusiwa kuandika sentensi moja kuhusu joto: ile iliyopimwa.